Uzi: Nadaiwa 3,840,000 na mwenye jumla. Nisomeeni barua yangu ya kuomba kulipa kwa awamu kabla sijaipeleka

#1 Mama_Kihonda
Wakuu, habari za jioni. Nina duka la rejareja Kihonda, Morogoro, huu mwaka wa 5. Sukari, mchele, mafuta ya kula, sabuni na juisi nachukua kwa mzee mmoja wa jumla pale mjini. Tulikwenda vizuri sana: nachukua mali kauli, baada ya wiki mbili nalipa, nachukua tena. Mwezi wa tatu mama yangu akalazwa. Nikachomoa hela ya mauzo nikijiambia nitarudishia, na kurudishia ndiyo mpaka leo.

Sasa ni wiki ya tatu sipokei simu zake. Kirikuu chake kikipita najificha stoo. Juzi dereva kauliza, mwanangu wa darasa la pili akamjibu, "Mama yupo stoo, amesema hayupo." Nikatoka na aibu yangu.

Nimeamua kuandika barua. Nisomeeni:

*YAH: KUOMBA KULIPA DENI KWA AWAMU*
*Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mteja wako wa siku nyingi. Nakuomba radhi sana mzee wangu kwa usumbufu wote. Nimepitia mitihani mizito, mama aliugua, biashara ni ngumu, wateja wamenikopa na hawalipi. Nakuahidi kulipa deni lako lote la Tsh 3,840,000 kwa miezi 6, kila mwezi 640,000, Mungu akipenda. Pia naomba uendelee kunipa mzigo kwa mkopo ili duka lisife. Nitashukuru kwa ombi langu kukubaliwa.*

Semeni ukweli, msinionee haya.

#2 Kobe_wa_Pwani
Huyo mdaiwa usimbembeleze. Barua moja ya madai, siku 14, halafu Mahakama ya Mwanzo. Mtu anayejificha stoo hana nia ya kulipa.

#3 Mama_Kihonda
Kaka, mdaiwa ni mimi.

#4 Kobe_wa_Pwani
Aa. Basi pole dada. Nimesoma kichwa haraka.

#5 Wakili_wa_Kijiweni
Dada, hiyo barua usiipeleke kabisa! Ukiandika "deni lako la 3,840,000" na kusaini umejifunga kitanzi mwenyewe. Sasa hivi hana ushahidi wa maana. Kaa kimya, deni la mkataba lina miaka 6, ikipita hiyo hakuna wa kukugusa.

#6 Jumla_Kkoo
Mimi niko upande wa pili wa meza, nina duka la jumla Kariakoo, na barua kama hizi ninazo droo nzima. Nianze na mkuu wa #5. Ni kweli kukiri deni kwa maandishi kunaanzisha hesabu ya ile miaka upya, na hata kulipa sehemu ya deni kunafanya vivyo hivyo. Hapo uko sawa. Lakini ushahidi anao. Dada, ulikuwa unasaini pale mzigo unaposhushwa?

#7 Mama_Kihonda
Ndiyo. Kila mzigo dereva ananipa karatasi nasaini, moja yangu moja yake.

#8 Jumla_Kkoo
Basi deni lako tayari limeandikwa, na saini yako iko chini. Tena wewe una duka lisilohama na unahitaji sukari kila wiki. Miaka 6 utajificha stoo gani?

Sasa barua. Nikipata barua ya namna hiyo naangalia vitu viwili tu: hesabu ya deni inafanana na ya kwangu? Na hela anayoahidi inatoka wapi? Yako haijibu hata kimoja. Hiyo 640,000 umeipataje?

#9 Mama_Kihonda
Nimegawa deni kwa miezi 6.

#10 Jumla_Kkoo
Nilijua. Wote mnagawa deni kwa miezi, wakati kinachotakiwa kugawiwa ni faida. Tuwekee mauzo ya siku, faida na matumizi. Usipambe.

#11 Mama_Kihonda
Mauzo kwa wastani 210,000 kwa siku. Faida kama 23,000, maana sukari na unga vinatoka haraka ila faida yake nyembamba. Kwa mwezi kama 690,000.

Pango 120,000. Umeme 45,000, friji ndilo linalokula. Kusafirisha mzigo 40,000. Kodi na taka nikigawa kwa mwezi 25,000. Nyumbani natoa 8,000 kwa siku, 240,000. Jumla 470,000. Inabaki 220,000.

#12 Ngoja_Nione
640,000 kutoka kwenye 220,000. Dada umeahidi muujiza.

#13 Jumla_Kkoo
Afadhali ingekuwa muujiza. Kitakachotokea ni hiki: mwezi wa kwanza atailipa kweli, kwa sababu hela anaiona kwenye droo. Droo inaingiza 210,000 kila siku, 640,000 ni mauzo ya siku 3 tu. Lakini ndani ya hiyo 210,000, 187,000 ni ya kurudisha mzigo. Dada, bidhaa zilizopo dukani leo zina thamani gani kwa bei uliyonunulia?

#14 Mama_Kihonda
Nimehesabu jana usiku, kama 2,600,000.

#15 Jumla_Kkoo
Kila mwezi unapungukiwa 420,000, na itatoka kwenye hiyo 2,600,000. Miezi 6 ni 2,520,000. Mwezi wa sita umebaki na mzigo wa 80,000 na rafu tupu, na hapo nimechukulia kwamba mauzo hayashuki, wakati kabati likianza kuonyesha ubao mteja anavuka barabara. Ndiyo maana mimi mteja akiniahidi makubwa hivyo siku hizi simkubalii. Atanilipa miezi 2, ya tatu duka limefungwa na namba haipatikani.

#16 Mtoto_wa_Eldoret
Nawasalimu kutoka Kenya. Mimi niliwahi kuwa na deni kama hilo la unga. Nikachukua mkopo wa kwenye simu nikalipa yote mara moja, supplaya akafurahi. Riba haikuwa mbaya. Labda dada afanye hivyo, amalizane na mzee abaki na deni moja.

#17 Ngoja_Nione
Huku hiyo tunaiita kausha damu. Laki moja inarudi laki na thelathini baada ya mwezi. Mzee wa jumla hamtozi dada hata senti ya riba, wewe unamhamisha kutoka deni la bure kwenda deni la moto. Wewe ulilipaje?

#18 Mtoto_wa_Eldoret
Niliuza ng'ombe, kusema kweli.

#19 Mama_Kihonda
Sina ng'ombe 😂

Kaka Jumla, niandike nini sasa? 220,000 kwa mwezi ni kama 51,000 kwa wiki. Niahidi 50,000 kwa wiki?

#20 Bibi_Mchezo
Mwanangu, na mchezo je? Mwanamke mwenye duka Morogoro asicheze mchezo? Sijaona kwenye matumizi yako.

#21 Mama_Kihonda
Bibi umenikamata. Nacheza, tuko 12, kila mmoja 15,000 kwa wiki. Zimebaki wiki 10 na mimi ndiye wa mwisho kupokea.

#22 Bibi_Mchezo
Basi huna 51,000. Una 36,000. Na usiuache katikati, hao wanawake wenzako utakwenda kuwaangalia kwa macho gani.

#23 Jumla_Kkoo
Shikamoo bibi. Umeokoa jahazi. Dada, mpango wako una vipande viwili basi, kabla mchezo haujaisha na baada yake. Wiki 10 za kwanza ahidi 30,000, ibaki 6,000 ya dharura. Wiki ya 10 unapokea 180,000, kati ya hiyo mpe 150,000. Kuanzia hapo 50,000 kwa wiki, lakini ukipunguza matumizi ya nyumbani yawe 7,000, vinginevyo 50,000 inakubana mno, friji likiharibika tu umekwama.

#24 Mama_Kihonda
7,000 kwa watu sita? Kaka wewe unakula Kariakoo hujui bei ya mboga huku.

#25 Jumla_Kkoo
Sawa, lakini basi toa vitu dukani vichache zaidi. Hivyo unavyochukua rafuni kupeleka jikoni umevihesabu?

#26 Mama_Kihonda
...Sijavihesabu. Haya, 7,000, na cha dukani nitaandika.

#27 Jumla_Kkoo
Kwa wiki, si kwa mwezi, na siku iwe Jumatatu kwa sababu mauzo ya Jumamosi na Jumapili yako mkononi. Hela ya mwezi mzima haikai kwenye droo ya duka, kila siku inapata kazi nyingine. Na mimi mwenye kudai, 30,000 inayoingia Jumatatu tatu mfululizo inanituliza kuliko laki mbili ya "mwisho wa mwezi". Na mimi nadaiwa huko juu. Ninachotaka kujua ni nini kitaingia lini.

Halafu lazima utangulize kitu. Barua inayokuja mikono mitupu baada ya wiki 3 za kimya hata mimi naisoma nusu. Una mzigo wake ambao hautembei?

#28 Mama_Kihonda
Juisi. Katoni 8 hazijafunguliwa, nilichukua kwa 30,000 moja. Zimekaa tangu mvua zianze. Taslimu naweza kukusanya 250,000, kuna wateja wawili wa kwenye daftari wamelipa.

#29 Jumla_Kkoo
Juisi zirudishe mapema, kabla tarehe ya kuisha haijakaribia, vinginevyo hazichukui. Hiyo 240,000. Na usimwandikie kabisa habari ya wateja wako kukukopa. Kwake hiyo ina maana malipo yanategemea watu asiowajua. Habari ya mama kuugua weka sentensi moja, inatosha, maana ni ya kweli.

Kitu cha mwisho, umelinganisha hesabu zako na zake?

#30 Mama_Kihonda
Nimekaa na karatasi na meseji za M-Pesa mpaka saa sita usiku. Yeye anasema 3,840,000. Kwangu inakuja 3,620,000. Tofauti 220,000. Katika hiyo, 150,000 nilimtumia kijana wake wa mauzo kwa namba yake binafsi, tarehe 9 mwezi wa nne, meseji ninayo. Hiyo nyingine 70,000 ni katoni 2 za sabuni zilizokuja zimelowa, dereva akazichukua akasema ataandika. Sina karatasi.

#31 Wakili_wa_Kijiweni
Hapo sasa ndiyo nilipokuwa nataka! Andika unadaiwa 3,620,000, basi. Yeye ndiye athibitishe.

#32 Jumla_Kkoo
Hapana, ukiandika hivyo mtabishana juu ya sabuni na mpango wote utalala. Andika 3,690,000, ile 150,000 una meseji yake, ambatisha. Sabuni itaje kando kama jambo la kuulizwa kwa dereva. Na kuanzia sasa usimtumie kijana yeyote hela kwa namba yake. Namba ya duka tu.

Na hilo ombi la kuendelea kukopeshwa lifute. Mtu anayekudai milioni tatu na zaidi unamwomba akuongezee? Mwambie utanunua kwake kwa taslimu. Hicho ndicho anachotaka kusikia zaidi ya chote, kwa sababu ukimkwepa, sukari unanunua kwa jirani yake, amekosa deni na amekosa mteja. Ila ukilipa, kila mara useme hii ni ya mzigo, hii ni ya deni la zamani. Usiposema, unaweza kulipia mifuko yako miwili ya sukari akakuambia ameikata kwenye deni, urudi nyumbani mikono mitupu.

#33 Kobe_wa_Pwani
Hili la #32 limenipata mimi. Nilitoa 400,000 ya saruji, nikaambiwa "asante kwa kupunguza deni". Fundi alinisubiri site mpaka jioni.

#34 Mama_Kihonda
Nimeandika upya. "Husika na kichwa cha habari" nimeiacha lakini, bila hiyo naona kama si barua.

*YAH: MPANGO WA KULIPA DENI LA MZIGO, TSH 3,690,000*

*Mzee wangu, shikamoo.*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu. Kwanza naomba radhi kwa kutopokea simu zako wiki hizi 3. Mwezi wa tatu mama yangu alilazwa nikatumia fedha ya mzigo wako. Kosa ni langu.*

*Kwa karatasi zako deni ni 3,840,000. Nimetoa 150,000 niliyomtumia kijana wako wa mauzo tarehe 9 mwezi wa nne, nakala ya meseji nimeambatisha. Linabaki 3,690,000. Kuna pia katoni 2 za sabuni zilizorudi na dereva (70,000), naomba umuulize, sijazitoa kwenye hesabu hii.*

*Naomba kulipa hivi:*

*Jumatatu hii nitaleta taslimu 250,000 na kurudisha katoni 8 za juisi ambazo hazijafunguliwa, zenye thamani ya 240,000 kwa bei niliyochukulia. Deni litabaki 3,200,000.*

*Kisha kila Jumatatu kwa wiki 10 nitalipa 30,000, na wiki ya 10 nitaongeza 150,000. Deni litabaki 2,750,000.*

*Baada ya hapo kila Jumatatu nitalipa 50,000 mpaka deni liishe, ambazo ni wiki 55.*

*Najua ni muda mrefu. Nimepiga hesabu ya faida ya duka, na hiki ndicho ninachoweza kulipa bila kukosa hata wiki moja. Nikiahidi zaidi nitakudanganya. Faida ikiongezeka nitaongeza.*

*Mzigo mpya nitanunua kwako kwa taslimu, na malipo yake yawe mbali na deni hili. Malipo yote nitayatuma namba ya duka, na naomba kila mwisho wa mwezi tuandike baki tusaini wote wawili. Ikitokea Jumatatu sina hela kamili nitakupigia Jumapili.*

*Ukikubali naomba usaini nakala zote mbili.*

*Mteja wako, Kihonda*

#35 Bibi_Mchezo
Hii imekaa. Ila usiitume na dereva. Ipeleke mwenyewe, na hiyo 250,000 iwe mkononi. Nenda asubuhi kabla wateja hawajamjaa.

#36 Wakili_wa_Kijiweni
Jumla ya wiki ni 65. Mwaka na miezi mitatu. Mimi ningekuwa yeye nisingekubali.

#37 Jumla_Kkoo
Hata mimi nisingekubali yote. Ningekubali wiki 10 za kwanza halafu tukae tena. Dada, akikurudishia hivyo usione amekataa. Anachoweza kukuharibia ni kukulazimisha kupandisha ile 30,000. Hapo shikilia, mwonyeshe hesabu. Bora akukasirikie leo kuliko wiki ya nne. Na akikuomba hundi za tarehe za mbele usitoe, maana ikirudi benki hiyo inakuwa kesi nyingine kabisa.

#38 Mama_Kihonda
MREJESHO.

Nimekwenda jana saa mbili asubuhi. Miguu ilikuwa inatetemeka. Aliponiona akasema, "Leo umetoka stoo?" Dereva alishamwambia. Vijana wake wote wakacheka, na mimi nikacheka, nikampa bahasha na hela.

Alihesabu hela kwanza, barua akaisoma baadaye akiwa amesimama. Ile 150,000 alimwita kijana palepale, kijana akaangalia chini. Imekatwa. Juisi amechukua katoni 6 tu, mbili panya walikuwa wametafuna pembeni na mimi sikuona. Kwa hiyo baki si 3,200,000, ni 3,260,000.

Alitaka 60,000 kwa wiki. Nikamwonyesha daftari, faida, pango, mpaka mchezo. Akalifungua ukurasa mmoja mmoja kama mwalimu anayesahihisha. Akasema sawa, 30,000 kwa wiki 10 na ile 150,000, halafu "tutaangalia". Hakusaini ule mpango wa wiki 55, ameukata kwa kalamu ya bluu na kusaini chini ya sehemu ya kwanza. Mzigo ni taslimu tu, na sukari nisichukue kwa mwingine.

#39 Ngoja_Nione
Hilo la sukari mbona ni zito? Bei yake ikipanda kuliko ya jirani?

#40 Mama_Kihonda
Sikuuliza. Nilikuwa nataka nitoke salama.

#41 Jumla_Kkoo
Hilo limeandikwa au amesema tu?

#42 Mama_Kihonda
Amesema tu.

#43 Jumla_Kkoo
Basi lisiandikwe. Nunua kwake maadamu bei inalingana, na siku isipolingana mwambie mwenyewe kabla hajasikia kwa dereva. Sabuni je?

#44 Mama_Kihonda
Dereva anasema hakumbuki. Mzee anasema hakumbuki mpaka dereva akumbuke. Hiyo 70,000 bado iko hewani. Jumatatu ijayo napeleka 30,000 ya kwanza, nitamuuliza tena.